Namna ya kusoma safu ya salio na majina ya miamala katika taarifa ya pesa za simu

Mtu anayefungua taarifa ya miamala ya simu kwa mara ya kwanza, iwe ni kwa sababu benki imeihitaji kabla ya kutoa mkopo au kwa sababu hela zimepungua na hajui zimekwenda wapi, kwa kawaida huanza kutafuta kiasi anachokikumbuka na kuiacha safu ya mwisho upande wa kulia kana kwamba ni pambo. Mwongozo huu unaanzia kwenye safu hiyo ya mwisho, yaani salio linalobadilika mstari baada ya mstari, kwa sababu ndiyo inayoweza kukuthibitishia kwamba mistari mingine yote umeielewa sawasawa. Majina ya miamala yanafuata baadaye, kwa kuwa jina peke yake linaweza kukupoteza na salio halitakuacha upotee.

Taarifa yenyewe huombwa kupitia programu ya simu ya mtandao wako, au kwenye duka la huduma kwa wateja ukiwa na kitambulisho. Menyu ya kawaida, kama vile *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas au *150*60# kwa Airtel Money, inakutosha unapotaka kujua salio la sasa, lakini ili kufuata mfuatano wa siku nyingi unahitaji taarifa kamili. Ukiletewa faili la PDF linalodai nywila, soma kwanza ujumbe uliokuja pamoja nalo kabla ya kuanza kubahatisha. Ukiweza, lichapishe: kalamu na karatasi vinafaa zaidi kuliko kioo cha simu, ambacho hukata safu ya salio na kuificha pembeni.

Kwanza, tambua taarifa inasomwa kuelekea wapi

Kabla ya kusoma kiasi chochote, tazama tarehe na saa za mstari wa juu kabisa, kisha za mstari wa chini kabisa. Taarifa nyingi huweka muamala mpya zaidi juu na wa zamani zaidi chini, kwa hiyo anayesoma kutoka juu kwenda chini anasafiri kinyume na wakati, na kila salio linaonekana kuongezeka pale lilipopaswa kupungua. Kama yako iko hivyo, anza kusoma kutoka chini ukipanda juu. Chora mshale mdogo pembeni mwa karatasi ili usisahau, kwani hakuna kosa linalowakuta wengi zaidi ya hili.

Saa nazo zinahitaji uangalifu kidogo. Taarifa hutumia saa ishirini na nne, na hivyo 13:20 ni saa saba na dakika ishirini mchana, na 18:03 ni saa kumi na mbili na dakika tatu jioni. Muamala ulioandikwa 00:40 ulifanyika saa sita na dakika arobaini usiku, usiku ambao wewe utaukumbuka kuwa ni wa jana ingawa taarifa imeshauhesabu katika tarehe mpya. Ukiwa unatafuta malipo uliyofanya usiku wa manane na huyaoni, angalia tarehe inayofuata kabla ya kulalamika.

Jambo jingine la macho ni senti. Kiasi kinaweza kuandikwa 150,000.00, na mtu mwenye haraka akaziona sifuri zote kama za elfu. Zilizo baada ya nukta ni senti. Zifunike kwa kidole, usome kilichobaki.

Pili, fuata mnyororo wa salio

Kanuni ni moja tu: salio lililoandikwa kwenye mstari ni kiasi kilichobaki baada ya muamala wa mstari huohuo kukamilika. Si salio la kabla, wala si kiasi kilichotumika. Hivyo, ukichukua salio la mstari uliotangulia kwa wakati, ukajumlisha kilichoingia au ukatoa kilichotoka kwenye mstari unaousoma, lazima upate salio la mstari unaousoma. Ukifanya hivyo kwa mistari yote, taarifa nzima inajikagua yenyewe.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Manzese ambaye siku moja aliianza akiwa na salio la shilingi 62,400. Taarifa yake ya siku hiyo inaweza kuonekana hivi, muamala mpya ukiwa juu. Namba za miamala nimezifupisha kuwa herufi moja, na viwango vya makato ni vya mfano tu, kwa sababu kila mtandao una jedwali lake na jedwali hilo hubadilika.

```
No.  Time      Details               Paid In  Withdrawn  Balance
D    18:03:52  Government Levy                      300   77,100
D    18:03:52  Withdrawal Charge                  2,000   77,400
D    18:03:52  Withdrawal at Agent               50,000   79,400
C    13:20:31  Airtime Purchase                   2,000  129,400
B    09:47:05  Transfer Charge                    1,000  131,400
B    09:47:05  Customer Transfer                 80,000  132,400
A    08:12:40  Deposit at Agent      150,000             212,400
```

Anzia chini. Fundi alikuwa na 62,400, akaweka 150,000 kwa wakala asubuhi, salio likawa 212,400. Kisha akamtumia mtu 80,000, na mstari wake unaonyesha 132,400, ambazo ni 212,400 ukitoa 80,000. Mstari unaofuata kwa juu ni wa makato ya kutuma, 1,000, na salio linashuka hadi 131,400. Mchana alinunua muda wa maongezi wa 2,000, ikabaki 129,400. Jioni alitoa 50,000 kwa wakala, na hapo muamala mmoja ukazaa mistari mitatu: kiasi chenyewe, makato ya mtandao, na tozo ya Serikali. Alimaliza siku akiwa na 77,100.

Sasa tazama kwa karibu namba za miamala. Mistari miwili ya kutuma ina herufi B, na mitatu ya kutoa ina herufi D. Kwenye taarifa halisi hiyo ni namba ndefu yenye herufi na tarakimu zilizochanganywa, ileile iliyomo kwenye ujumbe mfupi unaopokea baada ya muamala. Mistari yenye namba moja na wakati mmoja ni muamala mmoja uliogawanywa, na inafaa uizungushie duara la pamoja kwa kalamu kabla ya kuendelea. Asiyefanya hivyo huona 1,000 imesimama peke yake na kudhani kuna mtu amemchomolea hela, ilhali ni makato ya ile 80,000 iliyo mstari wa jirani.

Duara hilo lina faida ya pili. Kwa kuwa mistari ya muamala mmoja ina sekunde ileile, wakati mwingine taarifa huipanga bila kufuata utaratibu, makato yakaandikwa mahali pa kiasi na kiasi mahali pa makato, na mnyororo ukaonekana kukatika hapo katikati. Usihangaike na mpangilio wa ndani ya kundi. Chukua salio la kabla ya kundi zima, toa jumla ya vyote vilivyotoka ndani yake, kisha utafute matokeo hayo kwenye mojawapo ya mistari ya kundi. Katika kundi la D, 129,400 ukitoa 50,000, 2,000 na 300 unapata 77,100, na namba hiyo ipo. Mnyororo ni mzima.

Hapa pia ndipo wengi wanapogongana na ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe wa kutuma zile 80,000 utamwambia fundi kwamba salio lake jipya ni 131,400, naye akiangalia mstari wa kutuma kwenye taarifa anakuta 132,400. Hakuna aliyekosea. Ujumbe hutaja salio baada ya makato yote kuondolewa, na taarifa hutaja salio baada ya kila kipande, kwa hiyo ujumbe ulinganishwe na salio la mwisho la kundi.

Tatu, soma majina ya miamala ukiwa umeshaujua mwelekeo wa fedha

Safu mbili zilizo kabla ya salio ndizo zinazosema kama fedha ziliingia au zilitoka: mara nyingi zimeandikwa Paid In kwa kilichoingia na Withdrawn kwa kilichotoka. Neno hili la pili huwachanganya watu, kwa kuwa linafanana na jina la muamala wa kutoa fedha kwa wakala. Juu ya safu lina maana pana zaidi, yaani kila kilichoondoka kwenye salio, iwe umetuma, umelipa LUKU, umenunua muda wa maongezi au umekatwa makato. Kwa hiyo usijumlishe safu hiyo ukafikiri umepata kiasi cha fedha taslimu ulichochukua kwa mawakala. Fundi wetu alichukua taslimu 50,000 tu, na safu yake ya vilivyotoka ina jumla ya 135,300.

Majina yenyewe hayaandikwi kwa namna moja kwenye mitandao yote, lakini hayana siri kubwa. Lenye Deposit ni kuweka, lenye Withdrawal ni kutoa, lenye Transfer ni kutumiana baina ya watu, lenye Pay Bill au Merchant ni malipo ya ankara au ya Lipa Namba. Penye Charge ni makato ya mtandao, na penye Levy ni tozo ya Serikali kwenye miamala ya simu, ambayo ilianza kukatwa Julai 2021 na tangu hapo imebadilishwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana taarifa za miaka tofauti zinaweza kuonyesha mistari tofauti kwa muamala wa aina moja. Usichukue taarifa ya mwaka 2021 ukaifanya kipimo cha makato ya leo.

Majina matatu yanastahili kusimamiwa zaidi, kwa sababu yanaonyesha fedha zikiingia au zikitoka kwa namna isiyolingana na hali halisi ya mfuko wako.

La kwanza ni Reversal, yaani muamala uliorudishwa. Tuseme kesho yake fundi anatuma 15,000 kwa namba asiyoikusudia kwa kukosea tarakimu moja, na kwenye mfano huu makato ni 400. Salio linatoka 77,100 hadi 62,100, kisha 61,700. Anapiga simu huduma kwa wateja, muamala unarudishwa, na mstari mpya unaonekana upande wa vilivyoingia ukiwa na 15,000 na salio la 76,700. Ule mstari wa kwanza wa kutuma haufutwi. Unabaki mahali pake, na marekebisho yanaandikwa kama muamala wa kujitegemea, pengine baada ya siku kadhaa na ukiwa na namba mpya. Na safu ya salio inamweleza jambo ambalo jina la muamala halisemi: alianza na 77,100, sasa ana 76,700, kwa hiyo kiasi kimerudi na makato ya 400 hayajarudi. Kama kuna haja ya kuuliza, anajua la kuuliza.

La pili ni mkopo wa kukamilisha muamala, kama Songesha ya M-Pesa, ambao kwenye maelezo hutambulika kwa neno Overdraft, kifupisho OD au jina la huduma yenyewe. Mtu ana 3,000 na anataka kununua umeme wa 10,000. Taarifa inaweza kuonyesha 7,000 zikiingia na salio kupanda hadi 10,000, kisha 10,000 zikitoka na salio kuwa sifuri, vyote kwa dakika ileile. Keshoye anaweka 30,000 kwa wakala, salio linasomeka 30,000, na papo hapo mstari mwingine unachukua, tuseme, 7,300 za deni na ada yake, na salio linabaki 22,700. Anayesoma bila kujua huamini kwamba wakala amempunja au mtandao umemwibia. Ukiona fedha zimeingia zikatoka mara moja na kuacha sifuri, rudi nyuma utafute kama ulikubali mkopo. Na ukiona makato makubwa mara tu baada ya kuweka fedha, tafuta mstari wa mkopo katika siku zilizotangulia.

La tatu ni uhamisho kwenda kwenye akiba. Fedha unazopeleka M-Pawa, au mchango unaoweka kwenye kikundi cha M-Koba, hutoka kwenye salio kuu kama zinavyotoka fedha nyingine zote. Salio linashuka, lakini hukutumia chochote. Hela zako ziko kwenye akaunti nyingine, ambayo safu hii haiihesabu. Kwa wanavikoba hili ni jambo la kuangalia kila mwezi, kwa sababu asiyetenga mistari hiyo hujiona amefuja hela ambazo kwa kweli ameziweka.

Nne, kagua jumla bila kudanganywa na safu ya vilivyoingia

Baada ya kufuata mnyororo mstari kwa mstari, fanya hesabu moja ya kufunga. Salio la mwanzo, ujumlishe vyote vilivyoingia, utoe vyote vilivyotoka, lazima upate salio la mwisho. Kwa fundi, siku ile ya kwanza: 62,400 kujumlisha 150,000 ni 212,400, ukitoa 135,300 unabaki na 77,100. Kama taarifa yako haikuandika salio la mwanzo, litafute mwenyewe kutoka kwenye mstari wa zamani kuliko yote: chukua salio lake, rudisha kilichotoka au ondoa kilichoingia. Mstari wa A una 212,400. Ondoa 150,000 na umeipata 62,400.

Hesabu hiyo ikikubali, usikimbilie kuiita jumla ya vilivyoingia kuwa ni kipato chako. Afisa mikopo aliyezoea kazi yake ataondoa kwanza miamala iliyorudishwa, kisha mikopo, kisha fedha ulizojihamishia mwenyewe kutoka akiba, na kitakachobaki ndicho atakachokipima. Fedha zilizowekwa kwa wakala zina utata wa aina yake: zile 150,000 za fundi zinaweza kuwa ni mauzo ya wiki nzima, lakini mstari unamtaja wakala, haumtaji mteja hata mmoja. Kwa maoni yangu, mfanyabiashara anayejua kwamba ataomba mkopo miezi ijayo ni afadhali awaombe wateja walipe moja kwa moja kwenye simu au kwa Lipa Namba, ili kila malipo yaandikwe kwa jina la aliyelipa na yasifike yote kwa mkupuo kupitia kwa wakala.

Hesabu ikikataa, rudi kwenye mnyororo na utafute mstari wa kwanza ambapo salio halikubaliani na lililotangulia. Mara nyingi utakuta ukurasa umerukwa wakati wa kuchapisha, au taarifa imekatwa katikati ya siku ili iishie kwenye tarehe uliyoomba, au umesoma mstari wenye hali ya Failed kama uliokamilika. Baadhi ya taarifa zina safu ya hali ya muamala. Ulioshindikana hausogezi salio, na ukiuona umesogeza, tafuta mstari wa kurudishwa kwake.

Pengo likibaki baada ya yote hayo, andika pembeni tarehe, saa, namba kamili ya muamala, salio la kabla na salio la baada ya mstari wenye mashaka, kisha piga 100 au uende duka la huduma ukiwa na kitambulisho. Mhudumu anautafuta muamala kwa ile namba yake, wala hahitaji namba yako ya siri kwa kazi hiyo. Anayekuomba namba ya siri ili "akurekebishie salio" si mhudumu, na mazungumzo naye yaishie hapo. Omba upewe namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako na uiandike kwenye karatasi ileile, kando ya mstari ulioutilia shaka, ili utakapoomba taarifa ya mwezi unaofuata ujue ni mstari gani wa kurudishiwa unaopaswa kuutafuta, na salio lipande kwa kiasi gani.